Haki ya kununua hisa: iuze, usiitumie mapema

Tarehe 25 Agosti 2011, Warren Buffett alitangaza kwamba kampuni yake, Berkshire Hathaway, inaweka dola bilioni 5 katika Bank of America. Benki hiyo ilikuwa bado inahangaika na mikopo mibovu ya nyumba, na hisa yake ilikuwa ikizungukia dola 7. Mzee huyo alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia akiwa anaoga.

Kwa fedha zake Berkshire ilipata vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa hisa za upendeleo, yaani zile zinazolipa kiwango maalumu kila mwaka. Hizi zililipa asilimia 6, ambayo ni dola milioni 300. Cha pili kilikuwa haki ya kununua hisa za kawaida milioni 700 kwa bei ya dola 7 na senti 14, wakati wowote hadi Septemba 2021. Ukizidisha hisa milioni 700 kwa bei hiyo, pamoja na vile visenti vilivyoachwa nyuma ya nukta, unapata dola bilioni 5 kamili. Na mkataba uliruhusu Berkshire kulipia hisa za kawaida kwa kurudisha zile za upendeleo.

Benki ikapona. Mwisho wa mwaka 2016 hisa moja ilikuwa dola 22, na haki ile ingemwezesha Buffett kupata kwa bilioni 5 mali iliyokuwa na thamani ya bilioni 15 na nusu. Faida ya zaidi ya dola bilioni 10 ilikuwa mezani, na ilikuwa imekua mbele ya macho yake mwaka hadi mwaka. Hakuigusa.

Mtu wa kawaida atauliza: anasubiri nini? Bei ikianguka je? Jibu lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1973, na aliyeliandika ni Robert C. Merton, mchumi aliyekuwa bado hajafikisha miaka 30. Mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, soko la kwanza la Marekani mahususi kwa biashara ya haki za namna hii lilifunguliwa Chicago, likianza na hisa za kampuni 16 tu. Ndani ya wiki chache Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao mashuhuri ya kukadiria bei za haki hizo. Merton alithibitisha jambo linaloonekana kinyume na akili ya dukani: kama hisa haitoi gawio, haki ya kuinunua haifai kutumiwa kabla ya siku yake ya mwisho. Hata hisa iwe imepanda mara kumi. Hata mwenye haki awe na hakika kwamba kesho itaporomoka.

Nitaeleza kwa namba ndogo, kwa sababu hoja yenyewe haihitaji hesabu kubwa.

Haki hii huitwa opsheni ya kununua. Unamlipa mtu ada leo, naye anakupa ruhusa, bila kukulazimisha, ya kununua hisa kwake kwa bei mliyokubaliana, hadi tarehe fulani. Tuseme bei mliyokubaliana ni dola 100, hisa sokoni imefika dola 120, imebaki miezi sita, na dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani zinalipa asilimia 4 kwa mwaka. Hisa yenyewe haitoi gawio.

Wachukue watu wawili wenye haki hiyohiyo. Wa kwanza ni Asha, ambaye anaitumia leo. Anatoa dola 100, anapewa hisa. Wa pili ni Juma, ambaye anaiacha haki ilale, kisha anachukua dola 98 na senti 4 na kuziweka kwenye dhamana za serikali. Baada ya miezi sita fedha hizo zitakuwa zimefika dola 100, bei ileile ya mkataba.

Siku ya mwisho ikifika, tuangalie. Kama hisa iko dola 150, Juma anatoa dhamana zake zilizoiva, analipa 100, anapata hisa. Yeye na Asha sasa wana kitu kilekile. Kama hisa imeshuka hadi dola 70, Asha anayo hisa ya dola 70, basi. Juma anaitupa ile haki, kwa sababu hakuna anayelipa 100 kwa kitu cha 70. Bado ana dola 100 mkononi. Akiitaka hisa ataenda sokoni kuinunua kwa 70, na dola 30 zitabaki mfukoni mwake.

Kwa hiyo bei ikipanda wanalingana, na bei ikianguka Juma yuko mbele. Hakuna hali hata moja ambamo Asha anamshinda. Na Juma aliingia kwa fedha pungufu: alitoa dola 98 na senti 4 pale Asha alipotoa 100. Ile dola moja na senti 96 ya tofauti ni riba ambayo Asha aliitoa sadaka siku alipolipa mapema.

Sasa geuza hesabu. Hisa ina thamani ya dola 120, na Juma ana kitu kisichoweza kuwa duni kuliko hisa, ambacho ni haki pamoja na dola 98 na senti 4. Basi haki peke yake haiwezi kuwa na thamani chini ya 120 kutoa 98.04, yaani dola 21 na senti 96. Ukiitumia leo unapata dola 20. Pengo hilo ndilo Merton alilolithibitisha, na linakuwapo daima maadamu riba ni zaidi ya sifuri na muda bado haujaisha.

Msomaji makini atasema: thamani ya karatasini ni jambo moja, bei ya sokoni ni jingine. Ni kweli, na hapa ndipo wafanyabiashara wenyewe wanapofanya kazi. Tuseme sokoni haki hiyo inauzwa dola 21 tu. Mjanja mmoja ataazima hisa na kuiuza kwa 120. Atanunua haki kwa 21, ataweka 98.04 kwenye dhamana za serikali, na senti 96 atazitia mfukoni papo hapo. Siku ya mwisho dhamana zinampa 100, anazitumia kununua hisa kwa haki yake na kuirudisha kwa aliyemwazima. Hisa ikiwa imeshuka chini ya 100, anainunua sokoni kwa bei rahisi na faida inaongezeka. Hana pa kupoteza. Watu wa aina hii wakiwa wengi, wananunua haki ile hadi bei yake inapanda kurudi mahali pake.

Kwa kweli bei ya kawaida huwa juu ya hapo. Ukiiweka mifano yetu katika kanuni ya Black na Scholes, kwa hisa inayoyumba kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, haki inatoka na thamani ya kama dola 24. Ukiichambua hiyo 24 unaona vipande vitatu. Dola 20 ni faida iliyokwisha kuonekana, tofauti ya 120 na 100. Karibu dola 2 ni riba ya fedha ambazo bado hujalipa. Na dola 2 nyingine na ushee ni bima: ile ruhusa ya kukaa pembeni kama hisa itaanguka chini ya 100. Anayeitumia haki leo anachukua kipande cha kwanza na kutupa viwili vilivyobaki. Mikataba ya soko la Marekani kwa kawaida hufungwa kwa hisa 100 kila mmoja, kwa hiyo mwenye mkataba mmoja angekuwa ametupa dola 400 kati ya 2,400.

Kosa ambalo watu hulifanya katika kuielewa kanuni hii ni kudhani kwamba inawaambia wasubiri. Haisemi hivyo. Inalinganisha njia mbili za kutoka, kuitumia haki na kuiuza, na kusema ya pili inalipa zaidi. Kama unahofia hisa itaporomoka kesho, usilipe dola 100 ili upate hisa uiuze kwa 120. Iuze haki yenyewe kwa 24 na uende zako. Kama unaipenda hisa na unataka kuishi nayo miaka 20, bado huna sababu ya kulipa leo: fedha zako zikae kwenye riba, na hisa uichukue siku ya mwisho kwa bei ileile. Asiyekuwa na haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu ni hasara ndogo kwa mwekezaji mdogo. Kwa anayetaka kuitwaa kampuni nzima ni habari nyingine, lakini watu hao ni wachache na wana mawakili wao.

Matokeo ya Merton yaliwarahisishia kazi hata wakokotoaji. Kuna haki zinazoweza kutumiwa siku yoyote, ambazo soko huziita za Kimarekani, na nyingine zinazoweza kutumiwa siku ya mwisho tu, zinazoitwa za Kiulaya. Ungetarajia za kwanza ziwe ghali zaidi, kwa kuwa zinatoa uhuru mkubwa. Lakini uhuru ambao mwenye akili hatautumia kamwe hauna bei. Ndiyo maana kanuni ya Black na Scholes, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya Kiulaya, inafaa moja kwa moja kwa haki ya Kimarekani ya kununua hisa isiyo na gawio. Kwa haki ya kuuza haiko hivyo. Huko unayeitumia ndiye unayepokea fedha, kwa hiyo riba inakusukuma uwahi. Ukiwa na haki ya kuuza kwa dola 100 hisa ambayo imekwisha kufa na thamani yake ni sifuri, huna cha kusubiri: bei haiwezi kwenda chini zaidi, na kila siku inayopita inakula riba ya zile dola 100.

Turudi sasa kwa Buffett, maana kisa chake kinaonyesha kanuni hii ikiwa imevaa viatu. Kwa miaka yake ya mwanzo, hisa ya Bank of America ilikuwa karibu sawa na hisa isiyo na gawio: ililipa senti 1 kila robo mwaka, yaani senti 4 kwa mwaka. Kwa hisa milioni 700 hizo ni dola milioni 28. Kuzipata, Berkshire ingepaswa kurudisha hisa za upendeleo zinazoipa milioni 300 kila mwaka. Yule Juma wetu alipoteza dola mbili za riba kama angelipa mapema. Kwa Buffett riba hiyo ilikuwa milioni 300, na kilichokuwa upande wa pili wa mizani kilikuwa milioni 28.

Bima nayo haikuwa ya kubuni. Desemba 2011, miezi minne tu baada ya mkataba, hisa ya benki ilifunga siku moja ikiwa chini kidogo ya dola 5. Aliyekuwa amebadilisha kila kitu kuwa hisa za kawaida angekuwa anatazama hasara. Aliyekuwa na haki alikuwa ana haki iliyolala, na hisa za upendeleo zilizokuwa zikilipa kama kawaida.

Kisha gawio likaanza kupanda. Mwaka 2014 lilifika senti 5 kwa robo, ambayo kwa hisa milioni 700 ni milioni 140 kwa mwaka. Mwaka 2016 likawa senti 7 na nusu, sawa na milioni 210. Bado halikufika 300. Katika barua yake kwa wanahisa kuhusu mwaka huo wa 2016, Buffett aliwaeleza wazi: kama gawio la mwaka litapita senti 44 kabla ya 2021, Berkshire itabadilisha. Senti 44 mara milioni 700 ni dola milioni 308. Namba ile haikutoka hewani. Ni hapo ambapo gawio linalokosekana linaanza kuzidi riba inayopokewa.

Juni 2017, baada ya kupita mtihani wa Benki Kuu ya Marekani, Bank of America ilitangaza kupandisha gawio hadi senti 12 kwa robo, senti 48 kwa mwaka. Milioni 336 dhidi ya milioni 300. Siku chache baadaye, tarehe 30 Juni, Berkshire ikatangaza kwamba itaitumia haki yake, na mwezi Agosti ikafanya hivyo, miaka minne kabla ya mwisho. Hisa wakati huo ilikuwa kama dola 24. Bima ile ya kuanguka chini ya dola 7 bado ilikuwa na thamani, ila ndogo. Hata katika mtikisiko wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoyumbisha masoko ya dunia nzima, hisa hiyo ilishuka hadi karibu dola 18 tu.

Gawio, basi, ndilo linaloivunja kanuni, na sababu yake ni nyepesi. Kampuni ikilipa gawio, fedha zinatoka ndani yake na kwenda kwa wenye hisa. Mwenye haki hapati kitu, na hisa atakayoinunua baadaye imepungua kwa kiasi hicho. Ndiyo maana kwa hisa za kawaida zenye gawio, siku pekee inayofaa kufikiriwa ni ile ya mwisho kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio lake. Siku hiyo unauliza swali moja: je, gawio ninalolikosa ni kubwa kuliko riba na bima nitakazopoteza? Kama ni ndogo, unalala. Kama ni kubwa, unaitumia haki siku hiyohiyo, si kabla wala baada. Swali hili linazidi kuwahusu wengi, kwa kuwa kampuni kubwa zilizokuwa hazitoi gawio zinaanza kutoa: Meta na Alphabet, wamiliki wa Facebook na Google, zote mbili zilianza mwaka 2024. Berkshire yenyewe haijalipa tangu mwaka 1967.

Je, watu wanaifuata hesabu hii? Allen Poteshman na Vitaly Serbin waliichunguza mikataba ya soko la Marekani ya miaka ya 1996 hadi 1999, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Walikuta kwamba wateja wa madalali, wale wa bei nafuu na wale wa huduma kamili, walizitumia haki zao mapema pasipo sababu yoyote ya kiuchumi, mara nyingi. Kilichowasukuma ni bei: hisa ikifika kilele chake cha mwaka, au ikipanda kwa kasi, watu wanataka kuishika faida kwa mikono. Wafanyabiashara wa ndani wa nyumba kubwa za uwekezaji hawakuonekana kufanya kosa hilo. Nadhani tofauti haikuwa ya akili. Mtu wa nyumba kubwa ana mashine inayomwonyesha bei ya kuuza haki pembeni ya faida ya kuitumia. Mteja wa nyumbani anaona faida ya dola 20 na kitufe cha kubonyeza.

Lakini si kila anayeitumia mapema ni mjinga, na hapa ndipo nadharia inapokutana na barabara mbovu. Hoja ya Merton imeegemea nguzo mbili: kwamba unaweza kuiuza haki kwa bei yake ya haki, na kwamba unaweza kuuza hisa ya kuazima bila gharama. Theis Ingerslev Jensen na Lasse Heje Pedersen walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 2016 kinachotokea nguzo hizo zikilegea. Haki ambayo faida yake ni kubwa na muda wake umekaribia kuisha haina wanunuzi wengi. Riba na bima zimekwisha kuwa senti chache, na mnunuzi anayejitokeza anataka ujira wake. Hisa iko 120, bei ya mkataba ni 100, na bei ya juu unayopewa ni dola 19 na senti 60. Ukiuza unapoteza senti 40; ukiitumia haki na kuiuza hisa hapohapo unapata 20, ukiondoa ada ya dalali. Kama umeamua kutoka, itumie, wala usione haya.

Kuna pia hisa ambazo wauzaji wa kuazima wanazigombania hadi mwenye nazo analipwa vizuri kwa kuziazimisha. Kwa mwenye haki, malipo hayo ni sawasawa na gawio: yanaenda kwa wenye hisa, naye anayakosa. Akiitumia haki mapema ili naye akaazimishe hisa, hajavunja kanuni. Ameitii, kwa sababu hisa hiyo si tena hisa isiyotoa kitu.

Pale ambapo nguzo zote mbili hazipo kabisa ni kazini. Kampuni nyingi za teknolojia za Marekani, hasa changa, huwapa wafanyakazi haki za kununua hisa, mara nyingi kwa muda wa miaka 10, na ndugu zetu kadhaa waliohamia huko wanazo. Haki hizo haziuzwi kwa mtu mwingine, na sheria za kampuni kwa kawaida humkataza mfanyakazi kuuza hisa za kuazima za mwajiri wake. Akihitaji fedha za karo au nyumba, njia iliyobaki ni kuitumia haki na kuuza hisa. Na hata asipohitaji fedha, mshahara wake na akiba yake vyote vimefungwa kwenye kampuni moja. Kutoa sehemu mapema ni busara hata kama hesabu ya Merton inaonyesha amepoteza kitu. Akiacha kazi, mara nyingi anapewa siku 90 tu, na miaka iliyokuwa imebaki inafutika.

Hata hivyo si kila haraka ya wafanyakazi inaelezwa na mahitaji. Mwaka 1999 Chip Heath, Steven Huddart na Mark Lang walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 50,000 wa kampuni saba, na wakaona kwamba matumizi ya haki yaliongezeka karibu mara mbili bei ya hisa ilipopita kilele chake cha mwaka uliotangulia. Karo ya mtoto haina mazoea ya kungoja kilele. Tabia hii imeingia hadi kwenye vitabu vya hesabu: kanuni ya uhasibu iliyotolewa Marekani Desemba 2004 inazitaka kampuni zihesabu haki za wafanyakazi kama gharama, na kwa kukokotoa zitumie muda ambao wafanyakazi wanatarajiwa kuzishika kweli, si ule mrefu ulioandikwa mkatabani. Muda ukifupishwa, gharama inapungua. Haraka ya mfanyakazi inapunguza bei ya zawadi aliyopewa.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuitumia haki mapema kisha kuishika hisa. Anayeitumia na kuuza amepoteza riba na bima lakini ana fedha mkononi. Anayeitumia na kuishika amepoteza vyote viwili na bado yuko mvuani. Mwaka 2000 wafanyakazi wengi wa kampuni za mtandao za Marekani walifanya hivyo, wakiwa wameshawishiwa na unafuu wa kodi kwa wanaoshika hisa zaidi ya mwaka. Wakakutana na kodi nyingine, inayotozwa juu ya faida ya siku ya kuitumia haki hata kama hujauza kitu. Hisa zikaporomoka. Wakabaki na karatasi za senti chache na deni la kodi lililohesabiwa kwa bei ya kileleni, na wengine walidaiwa zaidi ya mali yote waliyokuwa nayo. Bunge la Marekani lilikuja kuwafutia madeni hayo mwaka 2008.

Kwa hiyo kama una haki ya kununua hisa kwa dalali wa Marekani, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuitumia, tafuta kwanza bei ambayo mnunuzi anakupa leo kwa haki yenyewe, kisha tazama tarehe ya gawio lijalo. Bei hiyo ikizidi tofauti kati ya bei ya hisa na bei ya mkataba wako, uza. Na kama haki yako imetoka kwa mwajiri na haiuziki, usilipe bila kuwa na tarehe ya kuiuza hisa, na muulize mtaalamu wa kodi kabla ya siku hiyo, si baada yake.